Duka la darasa P.2: jinsi ya kupanga kipindi cha watoto kurudishiana balansi wawili wawili

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, mwongozo huu una lengo moja tu: mtoto wa P.2 akae upande wake wa dawati kama muuzaji, apewe noti ya 1,000 kwa kipande cha sabuni cha 700, arudishe balansi sawasawa na aweze kumwonyesha mwenzake kwa nini ni sawa. Kujumlisha bei za vitu viwili, kupanga matumizi, kulinganisha bei ya duka hili na lile, hayo yote yana siku zake, ukiyamwaga pamoja kwenye duka moja utapata soko la kelele na watoto watarudi nyumbani wanajua kununua tu, maana kununua walikuwa wanajua tangu zamani. Naongea kwa mfano wa darasa la watoto 60 hapa Arua, jozi 30, vipindi viwili vya nusu saa vinavyofuatana. Kama darasa lako ni kubwa zaidi, ongeza vifaa tu, mpango haubadiliki.

Kwanza uamue watoto watahesabu balansi kwa njia gani, kwa sababu hapo ndo kipindi kinapofaulu au kuharibika. Wengi wetu tunakimbilia kutoa: tunaandika 1,000 juu, 700 chini, tunapiga mstari. Lakini mtoto wa P.2 ndo kwanza anazoea namba za mia, na hesabu hiyo inamtaka akope kwenye elfu, kitu ambacho hajakishika vizuri. Sasa nenda sokoni uangalie mama anayeuza nyanya anavyorudisha pesa, haandiki popote, anaanzia kwenye bei na kupanda mpaka afike kwenye pesa aliyopewa: "mia saba... mia nane, mia tisa, elfu," na kila anapotaja anaweka sarafu mkononi mwa kastoma. Akifika elfu balansi imeshatoka, na hajatoa chochote kwa kichwa, amehesabu kwenda mbele tu. Hiyo ndo njia ya kufundisha. Pesa yetu inaisaidia sana, kwa sababu bei nyingi za dukani zinaenda kwa mia mia, kwa hiyo anayeweza kuhesabu moja mpaka kumi anaweza kuhesabu mia moja mpaka elfu, anabadilisha jina tu. Sarafu ya 50 iache nje kabisa kwa leo, ikiingia inaharibu ule mwendo wa mia mia.

Vifaa, anza wiki moja kabla

Kila jozi inahitaji bahasha moja au kavera kadogo kenye pesa za kuchezea. Upande wa muuzaji weka sarafu nane za 100, nne za 200 na mbili za 500, jumla 2,600. Upande wa kastoma weka sarafu mbili za 500, noti mbili za 1,000 na noti moja ya 2,000. Angalia vizuri hapo, kastoma hapewi sarafu za 100 wala 200 hata moja, na nimefanya hivyo makusudi. Ukimpa pesa ndogo atalipa kamili kamili, sabuni ya 700 analipa 700, na dakika kumi zitapita hakuna balansi iliyotoka popote.

Kwa jozi 30 hiyo inakuwa sarafu 480 na noti 90. Ni nyingi, ndo maana nasema wiki moja. Watu wengi wanatumia vifuniko vya soda, na kama huna muda tumia, ila visuguliwe ile mikunjo ya pembeni isikate vidole. Mimi napendelea boksi za sabuni au biskuti, unaweka sarafu halisi juu ya boksi, unazungusha penseli, unakata, unaandika namba. Kazi ni kubwa zaidi lakini kuna sababu. Chukua sarafu zako mfukoni uzipange mezani: ile ya 100 yenye ng'ombe wa pembe ndefu ni pana kuliko ya 200 yenye samaki, na ni pana kuliko hata ya 500 ya njano yenye korongo. Mtoto mdogo anaamini kikubwa ndo chenye thamani, na pesa yetu inamdanganya kwenye hilo. Vifuniko vya soda vyote vina upana mmoja, kwa hiyo vinalificha hilo tatizo, atafanya vizuri darasani alafu akifika dukani na sarafu zenyewe anachanganyikiwa. Ukichora kwa kuzungusha sarafu halisi, tatizo linakuja mezani ukiwepo.

Kukata usikate peke yako, omba watoto wa P.6 jioni moja, kundi moja linachora, lingine linakata, lingine linaandika. Namba iandikwe pande zote mbili, la sivyo nusu ya kipindi kitaenda kwenye kugeuza geuza sarafu. Noti zikate kwenye karatasi za kawaida, andika namba kubwa na upake rangi, kahawia kwa 1,000 na bluu kwa 2,000 kama zilivyo zenyewe. Noti halisi usizipeleke kupigwa kopi. Na kama shule yako iko karibu na mpaka, watoto wanaona nyumbani pesa za Kongo na za Sudan Kusini pia, waambie mapema kwamba duka letu leo linapokea shilingi ya Uganda peke yake.

Bidhaa ni rahisi, watoto walete pakiti tupu na vitu vidogo. Kila jozi inapata vitu vinne, na kila kitu kinafungwa kikaratasi cha bei. Kwa mfano huu natumia kifutio 200, penseli 300, kipande cha sabuni 700 na daftari 800. Bei zako zifanane na za maduka ya mtaa wenu kadiri inavyowezekana, ila zisipungue chini ya mia. Kikaratasi cha bei ni lazima kiwepo, kwa sababu watoto wetu wamekulia sokoni, wataanza kupunguziana bei ("mama fanya mia tano basi") na hesabu uliyoipanga inapotea. Waambie bei za leo zimeandikwa na hazishuki.

Kitu cha mwisho ni karatasi moja ya katikati kwa kila jozi, tuite mkeka. Chora mistari miwili iwe na vyumba vitatu: cha kushoto kinakaa kitu na bei yake, cha katikati inakaa balansi, cha kulia inakaa pesa aliyotoa kastoma. Karatasi yenyewe ni ya kawaida tu lakini bila hiyo huwezi kuona mtoto amekosea wapi, utaona jibu baya tu na mikono imeshachanganya kila kitu.

Kupanga jozi

Usimweke anayejua sana na asiyejua kabisa, yule anayejua atachukua sarafu zote na mwenzake atabaki mtazamaji. Weka waliokaribiana. Wale watoto ambao jioni wanamsaidia mama kuuza, wengi wao wanajua balansi kuliko unavyodhani, lakini wanaifanya kichwani kimya kimya, kwa hiyo waombe wakusaidie kuonyesha mbele ya darasa, na wakiwa kwenye jozi sharti lao ni kuhesabu kwa sauti. Dawati likiwa na watoto watatu, wa tatu anakuwa mwandishi, anajaza kwenye daftari kitu, bei, pesa iliyotolewa na balansi, na kila mzunguko wanabadilishana nafasi.

Dakika kumi za kwanza: sarafu zenyewe

Zungusha sarafu halisi chache mkononi mwao, moja ya kila aina, waguse. Uliza ipi inanunua zaidi, ya 100 au ya 500, na acha wajibu kabla hujasema neno. Wapo watakaonyosha kidole kwa ile pana. Usiwaambie wamekosea, pasua 500 mbele yao: weka sarafu moja ya 500 upande mmoja, alafu panga sarafu tano za 100 upande wa pili mkihesabu wote kwa sauti. Fanya hivyo na 200 pia. Kama una ile sarafu ya 1,000 iliyotoka 2012 ionyeshe, ni sawa na noti ya kahawia. Kisha hesabuni pamoja kwa mia mia mpaka elfu, mara mbili tatu, na mara ya mwisho anzieni katikati: "tuanzie mia nne, twende." Kuanzia katikati ndo kazi yenyewe ya kipindi, mtoto asiyeweza kuanzia mia nne bila kurudi mia moja atakwama kwenye balansi, na ni afadhali umjue sasa.

Onyesho mbele ya darasa

Ita mtoto mmoja awe kastoma, wewe uwe muuzaji. Ananunua sabuni ya 700 kwa noti ya 1,000. Fanya polepole kuliko unavyofikiri inahitajika.

Kastoma anasema, "Mama, nipe sabuni." Wewe unaiweka sabuni chumba cha kushoto na kusoma bei. Kastoma anaweka noti chumba cha kulia, na noti hiyo haiingii kwenye boksi la pesa mpaka biashara iishe. Wauzaji wetu sokoni wengi wanaishikilia hivyo hivyo, wasije wakabishana baadaye ilikuwa elfu au elfu mbili.

Sasa gusa sabuni kwa mkono mtupu, sema "mia saba". Hakuna sarafu iliyowekwa bado. Ndipo weka sarafu ya kwanza ya 100 katikati, "mia nane". Ya pili, "mia tisa". Ya tatu, "elfu", na hapo hapo gusa ile noti ya kulia, tumefika. Waulize balansi ni ngapi, wahesabu zile tatu za katikati: mia tatu.

Alafu kastoma naye ana kazi yake. Kabla ya kuchukua pesa anahesabu tena mwenyewe kutoka kwenye sabuni mpaka kwenye noti, akifika sawa anasema "imefika", kama haijafika anasema "bado", ikizidi anasema "imezidi" na anarudisha. Msisitizo uweke hapo kwenye kuzidi, watoto wakipata zaidi wananyamaza, kwa hiyo fanya onyesho la pili ukimpa mia nne kwa makusudi uone kama darasa litapiga kelele.

Mzunguko wa kwanza na wa pili

Anza na sarafu ya 500 tu na vitu viwili vya bei ndogo, kifutio na penseli, na muuzaji atumie sarafu za 100 peke yake, zile za 200 na 500 zibaki kwenye bahasha. Kifutio cha 200 kwa 500: gusa, mia mbili, alafu mia tatu, mia nne, mia tano, balansi 300. Wakishamaliza kila kitu kinarudi kilipokuwa, ile 500 kwa kastoma na sarafu za 100 kwa muuzaji, na ununuzi mwingine unaanza upya. Ukiacha pesa ziendelee kuhama, baada ya manunuzi matatu kastoma ana sarafu ndogo na muuzaji hana chenji, na huwezi tena kujua nani amekosea. Manunuzi mawili kila mmoja, wanabadilishana, dakika kumi na tano zinatosha.

Ukiona wengi wanaenda vizuri, fungua noti ya 1,000 na vitu vyote vinne, bado kwa sarafu za 100. Baada ya hapo ruhusu za 200. Hapa usiharakishe. Wakiwa na balansi ya mia tatu iliyopangwa kwa 100 tatu, waambie wachukue mbili wazibadilishe na 200 moja, wahesabu tena: gusa sabuni, mia saba, weka 200, "mia tisa", weka 100, "elfu". Mruko wa mia saba mpaka mia tisa kwa sarafu moja ni mgumu kuliko unavyoonekana, mtoto anataka kusema mia nane kwa sababu ameweka kitu kimoja. Kama anahangaika agonge meza mara mbili kwa kila 200, kimya kwa mia nane na kwa sauti kwa mia tisa, baada ya muda ataacha kugonga mwenyewe.

Makosa utakayoyaona, na yanatoka wapi

Wewe tembea kati ya madawati na angalia mikeka, usiangalie mikono iliyonyooshwa. Kuna makosa matatu yatakayokuja karibu kila darasa, na kila moja lina alama yake.

La kwanza ni balansi kuzidi kwa mia moja, kila mara mia moja. Sabuni ya 700 anarudisha 400, daftari la 800 anarudisha 300. Huyu anajua kuhesabu vizuri, tatizo anaweka sarafu ya kwanza akisema "mia saba". Ameihesabu bei kama pesa. Dawa yake ni ule mkono mtupu, mshike mkono akiguse kitu, aseme bei akiwa hana sarafu kabisa, na sarafu zote zikae mkono wa pili mpaka bei isemwe. Mwambie mia saba iko ndani ya sabuni. Wengi wananyooka baada ya kurudia mara chache, lakini usipoliona mapema anakaa nalo muda mrefu maana kwa macho yake amehesabu vizuri na amefika elfu.

La pili, idadi ya sarafu iko sawa lakini pesa imezidi. Balansi ilikuwa 300, katikati kuna sarafu tatu, ila mbili ni za 200, jumla 500. Huyu anahesabu vipande, hasomi namba. Usimweleze sana, ondoa za 200 arudi kwenye 100 tupu, alafu rudisha ile kazi ya kubadilisha mbili kwa moja. Kama tatizo ni ile sarafu ya 100 kuwa pana, mpe 100 na 500 aziweke pamoja na arudie kupasua 500.

La tatu anarudisha bei yenyewe: penseli ya 300 kwa 500, anarudisha 300. Huyu hajaelewa balansi ni nini, hata umfundishe kuhesabu vipi haitasaidia bado. Acha kupanda kwanza, panga sarafu tano za 100 mstari mmoja badala ya ile 500, mwambie "hizi ndo pesa zake," asogeze tatu kwenda kwenye penseli, "hizi zimenunua penseli," zilizobaki ni za nani? Zile mbili ni za kastoma. Afanye hivyo kwa vitu viwili vitatu, ndipo arudi kwenye kuhesabu.

Darasa likiwa na watoto wengi wa kosa la tatu, simamisha mzunguko wa elfu, baki kwenye 500 kipindi chote, ile 1,000 itakuwepo kesho.

Noti ya 2,000 na siku muuzaji hana chenji

Hii ni ya siku nyingine na ya wale waliofika. Mwenye noti ya bluu ananunua sabuni ya 700: gusa, mia saba, 100 "mia nane", 200 "elfu", alafu 500 "elfu moja mia tano", na 500 ya pili "elfu mbili". Balansi 1,300 kwa sarafu nne. Siri ni kusimama kwenye elfu kwanza, kabla ya kutoa zile kubwa. Anayekimbilia 500 moja kwa moja kutoka mia saba anafika elfu moja mia mbili na hapo wengi wanapotea, si kosa la hesabu, ni njia ngumu tu.

Wakizoea, ondoa ile sheria ya kurudisha kila kitu, pesa ibaki ilikohamia. Haitachukua muda muuzaji atasema "sina chenji," na wapo watakaotaka kumpa kastoma peremende badala ya mia, kama wanavyofanyiwa wao dukani. Usiwakataze haraka, waulize jozi wafanyeje. Jibu la maana ni kastoma kuongeza: daftari la 800, badala ya 1,000 tupu anatoa 1,000 na 300, anarudishiwa sarafu moja ya 500. Hilo ni la P.3 kwa kweli, ila jozi moja mbili zitaligundua zenyewe, zipe nafasi zionyeshe wenzao.

Kujua nani ameweza

Dakika tano za mwisho bahasha zihesabiwe kwanza, kila muuzaji awe na vipande 14 na kastoma vitano, pungufu itafutwe chini ya dawati kabla mtu hajatoka, vinginevyo wiki ijayo huna vifaa. Alafu simama mlangoni na kikombe cha sarafu za 100 na vitu viwili. Wanapotoka kwenda mapumziko, kila mara unamsimamisha mmoja unamwambia "nakupa elfu, penseli mia tatu, nirudishie." Huwezi kuwafikia wote 60, chagua wale uliowatilia shaka ulipokuwa unatembea, watoto kumi au kumi na wawili. Sikiliza anaanzia wapi. Akigusa penseli na kusema mia tatu kabla ya kuweka chochote, hata akikosea katikati, njia anayo. Akirudisha jibu sahihi kimya, muulize akuhesabie tena kwa sauti. Majina ya waliokwama yaandike pembeni ya mpango wako wa kazi na namba ya kosa, moja, mbili au tatu, kwa sababu kesho hao wanaanza meza moja na wewe kwa sarafu ya 500 wakati wengine wanafungua noti ya bluu.